Picha ya Kifuniko

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni muuzaji katika duka la pembejeo nyuma ya soko. Wateja wamempa jina la Mizani, maana hapimi kitu kwa macho. Mbegu za mchicha, dawa ya viwavi wa mahindi, kila kitu lazima kipite kwenye kale kamizani kadogo kalikokaa kaunta. Kaka yangu humtania kwamba hata chumvi ya mboga anaisubirisha mpaka mshale utulie.

Msimu huu mwenye duka alimpa kazi nyingine. Karatasi ya maelezo inayokuja na mbolea ya kupandia ilikuwa na herufi ndogo kama sisimizi, na maneno yake wengi hawakuyaweza. "Gramu tano kwa kila shimo lenye mbegu mbili, nafasi ya sentimita sabini na tano kwa hamsini." Nani shambani ana mizani ya gramu tano?

"Iandike upya," mwenye duka akamwambia. "Iandike hata mtu anayesoma kwa kidole aelewe. Lakini kipimo usikiguse."

Hakukigusa. Alichukua kifuniko cha bati cha chupa ya soda, akakijaza mbolea, akapitisha kijiti juu ili isawazike na ukingo. Kifuniko kimoja ni chepesi mno kwa mizani kukiamini, kwa hiyo alipima kumi kwa pamoja. Gramu hamsini. Akarudia, zikawa hizohizo. Basi akaandika kwa herufi kubwa: "Shimo moja, mbegu mbili. Mbolea kifuniko kimoja cha soda, sawasawa na ukingo. Funika mbolea kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu, kisha fukia." Mfuko mmoja wa kilo hamsini ungetosha ekari nzima, kama karatasi ya kiwanda ilivyosema.

Halafu akachora picha. Ukichora kifuniko kilichojaa mpaka ukingoni tu, ukikitazama kwa upande, unaona kifuniko kitupu. Alifuta, akachora tena, bado kikawa kitupu. Mwishowe akakiwekea mbolea juu, kakilima kadogo kazuri, ili watu waone kwamba ndani kuna kitu. Nilikuwepo. Nilimsifia, nikamwambia mkono wake umebarikiwa.

Mvua zilipoanza, karatasi zilichukuliwa kama maandazi.

Kuna mama mmoja, mjane, anayesali nasi, ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi. Alianza kujifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Ana ekari moja, na mahindi yake ndiyo chakula chake cha mwaka. Alipanda kwa kufuata ile karatasi, akiwa ameibandika kwenye mpini wa jembe la ziada. Kesho yake akaja dukani na mfuko mtupu begani.

"Mfuko wenu umenipunja," akamwambia mwenye duka. "Umeniishia katikati ya shamba."

Duka lilikuwa limejaa. Mwenye duka hakubishana. Alivuta mfuko mwingine wa shehena ileile, akaupandisha kwenye mizani kubwa mbele ya watu wote. Kilo hamsini na uzito wa mfuko wenyewe.

"Haya, Shangazi. Uliweka kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja, kama karatasi ilivyosema."

"Ingekuwa kimoja ungemaliza shamba. Umeweka viwili."

"Kimoja. Mimi nimesoma."

"Umesoma au umeipapasa?"

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja aliyekuja kununua mbegu za nyanya akasema darasa la jioni lina giza, ndiyo maana. Wakacheka zaidi. Shangazi akaikunjua ile karatasi, akaweka kidole kwenye picha, lakini hakuna aliyetazama.

Wifi alitazama. Akakiona kile kilima alichokichora mwenyewe.

Alimfungia mteja wa nyanya mbegu zake, akamrudishia chenji, akasema karibu tena. Shangazi akatoka na mfuko wake mtupu ameukunja kwapani.

Duka lilipotulia, alijaza kifuniko kama picha ilivyoonyesha, mara kumi, akapima. Gramu tisini na nane. Karibu mara mbili.

Aliniambia hayo jikoni kwangu, amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye sufuria. Nikamwambia tusali kwanza.

"Nikisali, wifi, nitamwambia Mungu jambo analolijua," akasema. "Asiyelijua ni Shangazi."

Hata hivyo hakwenda. Alisema kesho, na ilipofika akasema kesho tena. Karatasi zilizobaki alizitoa kaunta kimyakimya, akamwambia mwenye duka kwamba zina kosa la kurekebisha. Kanisani alikaa safu ya nyuma ili asikutane na Shangazi mlangoni. Lakini Shangazi hakuja. Tukasikia ameacha na darasa la jioni. Amesema macho yake si ya vitabu.

Hapo wifi akaniomba nimsindikize shambani.

Mahindi yalikuwa yameanza kuchomoza. Kwenye nusu moja ya shamba yalitoka yote, ila ni manyonge, maana hayakupata mbolea. Nusu nyingine ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Mvua ilikuwa imekatika baada ya kupanda, na pale mbolea ilipozidi, mbegu ziliungua ardhini. Shangazi alikuwa amechuchumaa akifukua shimo, ametoa punje iliyogeuka kahawia.

"Shikamoo, Shangazi," wifi akasema.

"Marahaba. Umekuja kuona kazi ya asiyejua kusoma?"

Wifi akapiga magoti palepale kwenye tuta. "Kosa ni langu. Maneno yalisema sawasawa na ukingo, picha ikasema kilima. Picha nimeichora mimi. Wewe uliifuata."

Shangazi aliigeuza ile punje kiganjani.

"Kwa hiyo nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa."

"Na siku ile dukani ulijua?"

Wifi hakuweza kuinua kichwa. "Nilijua ulipoweka kidole."

"Ukamfungia yule bwana nyanya zake."

"Ndiyo."

Mimi niliyesimama pembeni nilitamani ardhi inipokee. Shangazi akajifuta mikono kwa kanga.

"Mbegu za mapengo utaniletea," akasema. "Lakini haya maneno si ya kuyasema shambani, hapa tunasikiwa na ndege tu. Utayasema kulekule walikonicheka."

Tulirudishia mapengo watatu, tukichimba kando ya mashimo yaliyoungua. Wifi alikuwa amenunua na mbolea; ile nusu isiyopata tuliiwekea kifuniko kilichosawazishwa kwa kila shina, kiganja kimoja mbali na mche, tukafunika. Shangazi alisawazisha kila kifuniko kwa kijiti, na kila mara alimwonyesha wifi kwanza. Hakuna aliyecheka.

Siku ya soko wifi akayasema dukani, mbele ya Shangazi na wateja. Mwenye duka alimkanyaga mguu chini ya kaunta, akanong'ona kwamba anaua biashara. Wifi akaendelea mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi mpya: picha ya kwanza kilima, kimepigwa alama nyekundu ya X ya kukataza, ya pili kijiti kinapita juu ya kifuniko, ya tatu kifuniko kimekatwa katikati, mbolea imeishia ukingoni.

"Sijaigawa bado," akasema. "Naomba Shangazi aisome kwanza, aniambie angefanya nini."

Shangazi akaipokea. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi. Foleni ilifika hadi barabarani na hakuna aliyemharakisha. Wifi alisimama nyuma ya kaunta, mikono kaikunja, macho yapo sakafuni, akisikiliza kila silabi mpaka ya mwisho.