Moja kwa Nne

Mama alikuwa na makochi mawili ambayo hata mafundi wa mtaani walikuwa wamekataa kuyashika. Mgeni akija, mama alimwelekeza pa kukaa kama anayemvusha barabara: usikae hapo, pana springi, sogea huku, huku nako egemea taratibu. Mimi nilikuwa nacheka, lakini moyoni iliniuma. Kwa hiyo mwaka ule nilipoingia ubia wa biashara, nilitangaza mbele ya mashangazi na majirani wote kwamba Idi ikifika, mama atakalia makochi mapya. Mdomo uliponza kichwa, nami kichwa changu kimeponzwa mara nyingi.

Mbia wangu alikuwa mama mmoja wa Kichaga, mwenye fremu ya duka la vitenge na madera hapa Kariakoo. Kanizidi umri kidogo, namwita dada, naye ananiita mdogo wangu. Kabla ya hapo nilikuwa nachukua mzigo kwake na kwenda kuuza mkononi Mnazi Mmoja, na kwa sababu sikuwahi kumkimbia na pesa yake, siku moja akaniambia niweke changu tununue pamoja marobota ya msimu wa Ramadhani. Mimi nilitoa milioni tatu, akiba yangu yote. Yeye akatoa kumi na mbili. Tukakubaliana kwamba tukishatoa kodi, ushuru, ujira wa kuli na posho zetu sote wawili, faida itakayobaki tutagawana kwa kadiri ya mtaji.

"Mtaji wetu ni moja kwa nne," alisema. "Umesikia, mdogo wangu?"

Nilisikia vizuri sana. Moja kwa nne, yaani moja ya nne, yaani robo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba sasa mwanao ana robo ya biashara, na mama akaniombea dua kwa hiyo robo.

Msimu ulikuwa mtamu. Madera yalitoka kama maandazi ya asubuhi. Wanawake walikuwa wanagombea rangi, wanaitana kwa simu, wanarudi na dada zao, nami nilikuwa napanda juu ya kiti kuteremsha mzigo huku nasifia kila mtu alivyopendeza, hata ambao hawakupendeza. Siku mbili kabla ya Idi tulifunga hesabu. Kila kitu kikishalipwa na mtaji wetu ukitengwa kwa mzigo ujao, faida ilikuwa milioni nne kamili. Tulikumbatiana pale ndani ya fremu mpaka tukaangusha sanamu ya kuvalishia madera.

Robo ya milioni nne ni milioni moja. Na fundi makochi wa Keko alikuwa ameniambia seti ya watu watano ni milioni moja, bila kupungua. Niliona Mungu mwenyewe kapiga hesabu.

Dada akanihesabia laki nane.

Nilidhani anatania. Nilipoona hatanii, damu ilinipanda. Nikamwambia nimeshinda na njaa mwezi mzima nikimuuzia mzigo, halafu ananikata laki mbili na sikukuu iko mlangoni. Nikatoa simu, nikabonyeza moja gawanya kwa nne, nikamwonyesha: sifuri nukta ishirini na tano. Asilimia ishirini na tano. Kikokotoo kilikuwa upande wangu, na kikokotoo si Mchaga wala si Mzaramo.

"Sawa," alisema, bila hasira, na hiyo ilinikera zaidi. "Ukichukua milioni moja, mimi nabaki na ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ni mara ngapi ya yako?"

"Mara tatu."

"Na pesa niliyoweka mimi ilikuwa mara ngapi ya yako?"

Nikabonyeza tena simu. Kumi na mbili kwa tatu. Mara nne.

Akavuta doti tano za vitenge, akaweka moja mbele yangu na nne mbele yake. "Hii yako, hizi zangu. Moja kwa nne ndiyo hii. Sasa hesabu zote zilizoko mezani."

"Tano."

"Basi yako ni moja kati ya tano. Wewe umegawanya kwa zangu peke yake, ukasahau na yako imo. Milioni tatu kwenye kumi na tano ni asilimia ishirini. Kumi na mbili ni themanini. Ishirini ya milioni nne ni laki nane, themanini ni milioni tatu na laki mbili. Jumlisha uone kama kuna shilingi nimeificha."

Nilijumlisha. Haikuwepo. Nilitamani kuendelea kugomba kwa sababu nilikuwa nimeshasimama, lakini huwezi kugomba na doti tano ambazo umezihesabu mwenyewe. Kilichoniuma sasa hakikuwa yeye. Kilikuwa ni mama na yale matangazo yangu. Nikachukua laki nane zangu, nikaaga kwa aibu, nikaenda Keko.

Fundi alinisikiliza, akasema kila nafasi ni laki mbili, kwa hiyo laki nane ni nafasi nne. Ndivyo Idi ilivyotukuta na kochi la watu watatu, kiti cha mtu mmoja, na upande wa pili pengo. Mama hakuliona pengo. Alikuwa anapapasa kitambaa na kuuliza kama kweli hiki ni chake. Nilimwangalia nikalia, nikasingizia vitunguu vya pilau.

Dada alikuja Idi pili. "Shikamoo mama," akasema, mama akaitika "Marahaba, mwanangu," akamsogezea sahani. Alikula, akaangalia pengo, akaniuliza, nikamweleza yote, pamoja na ile robo niliyomtangazia mama. Alicheka mpaka akashika ubavu.

Wiki iliyofuata guta la mizigo likasimama mlangoni na kiti cha tano, kitambaa kilekile, kimetumwa na dada. Nilimpigia simu kumshukuru kwa zawadi.

"Zawadi gani?" akasema. "Huo ni mtaji. Wewe umeweka laki nane, mimi laki mbili. Nina hisa kwenye makochi hayo."

"Yaani una robo yangu," nikamwambia.

"Robo ya ulichoweka wewe, ndiyo. Ya seti nzima ni asilimia ishirini. Kumbe unafundishika."

Tangu siku hiyo, Jumapili akitoka kanisani anapita kwetu kukalia hisa yake, kama anavyosema. Anavua viatu, mama anamletea chai ya tangawizi, wanasengenya mtaa mzima. Mama hakuwahi kusoma mahesabu, lakini habari ya kiti kile aliielewa mara moja, na akaishika kuliko sisi tulioipigia hesabu.

Desemba dada alikwenda Moshi na familia yake, kama wanavyokwenda Wachaga wote kwa Krismasi. Kwetu kulikuwa na maulidi, nyumba imejaa hadi barazani. Shangazi mmoja akaelekea kwenye kiti, mama akamzuia kwa mkono.

"Hapo pana mwenyewe."

"Si yuko Moshi? Na si mmesema ana asilimia ishirini tu?"

"Ishirini yake ni yake," mama akasema, halafu akanigeukia. "Wewe inuka, shangazi yako akae."

Nikainuka. Kiti cha dada kilibaki kitupu hadi dua ya mwisho, na mimi mwenye themanini nikakaa mkekani.