Kichwa cha Barua ya Dobi

Hospitalini kwetu wananiita Mama Kalamu Nyekundu, na wala sikasiriki, jina nimelitolea jasho. Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi. Daktari mzima ataniletea barua inayoanza na "Habari za kazi, bosi," namrudishia hapo hapo. Andika "Ndugu Mkurugenzi," weka mkato, shuka mstari! Mwingine anamaliza kwa "Asante na siku njema" kama anaaga jirani. Mwanangu, hii ni barua ya kikazi, andika "Wako mtiifu," saini, jina kamili, cheo. Wananuna. Wanune, shauri yao.

Basi siku hiyo nilikuwa naweka nakala ya barua kwenye jalada la dobi wetu, yule mpole anayefua mashuka ya wodi kwa kibarua miaka yote hii. Nikaisoma mara ya pili.

Kumbukumbu namba, sawa. Tarehe, sawa. "Ndugu," sawa. Chini: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nafurahi kukujulisha kwamba umethibitishwa kazini." Na mwisho: "Nakutakia utekelezaji mwema wa majukumu yako." Safi kabisa. Lakini hicho kichwa cha habari chenyewe, kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kilisema: YAH: KUACHISHWA KAZI.

Loo! Makatibu wote tunafanya hivi: barua mpya unaiandikia juu ya ya zamani kwenye kompyuta, ili usipange anwani upya. Hii niliiandikia juu ya barua ya mlinzi tuliyemfukuza mwezi uliopita. Nikabadilisha kila kitu, kichwa nikakiruka. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kwa sababu imetoka kwangu. Na tarishi alishaipeleka tangu asubuhi.

Nilitoka mbio, viatu mkononi. Yule dobi ana presha. Nilimwona kichwani mwangu ameanguka kati ya mabeseni jamani, kama nimemuua kweli.

Chumba cha kufulia kilikuwa tupu, mashine inazunguka peke yake. Nikamkuta nje kwenye benchi, barua imekunjwa magotini.

"Kaka, samahani, nisamehe! Nimekosea kichwa. Soma chini. Umethibitishwa!"

"Dada, chini sikufika. Nilipoona neno kuachishwa, macho yaliishia hapo."

"Sasa umeshajua. Inuka, tumshukuru Mungu."

Hakuinuka. "Nimeshajibu."

"Umejibu nini?"

"Nilidhani wamejua. Nikaona bora nikiri mwenyewe, labda watanihurumia, wasinipeleke polisi." Akashusha sauti. "Cheti cha shule nilichoombea kazi si changu. Ni cha marehemu kaka yangu. Hata jina mnaloniitia ni lake."

Miaka kumi na moja tunamwita kwa jina la maiti!

"Barua iko wapi?"

"Nimeipeleka masijala."

Nikakimbia tena. Karani wa masijala, mwanamke ambaye kwa kawaida anachelewesha barua siku tatu, siku hiyo alikuwa amechapa kazi. Ameigonga muhuri wa kupokelewa, ameiandika kwenye rejista, ameiingiza kwenye jalada la siri na kulipeleka kwa bosi.

"Si unatugombezaga kila siku kwamba tunachelewa?" akasema.

Mkurugenzi alikuwa ametoka kwenda kikaoni. Nikaingia ofisini kwake, roho mkononi, nasikiliza kila hatua ya mtu korido. Nia yangu? Nitasema ukweli: nilitaka kuichana. Rejista ningeijua mbele ya safari.

Jalada lilikuwa wazi mezani. Barua ya dobi: anwani yake juu kulia, tarehe chini yake. Ya mkurugenzi kushoto. "Ndugu," na mkato. YAH: KUKIRI KUTUMIA CHETI CHA MAREHEMU KAKA YANGU, imepigwa mstari kwa rula. Mwisho, "Wako mtiifu," na chini ya saini majina mawili: la kaka, na lake la kweli, ambalo sikuwahi kulisikia. Mwenyewe nilimfundisha, mwaka jana alipoomba likizo. Haikuwa na kosa hata moja.

Pembeni mkurugenzi alishaandika kwa wino mwekundu: "Katibu, andaa barua ya kumwachisha kazi. Nakala polisi." Saini na tarehe ya leo.

Nilisimama pale muda mrefu, kidole juu ya karatasi, naogopa kuichana na naogopa kuiacha. Ningeichana ningefukuzwa mimi, na watoto wangu watatu wako shule. Nikalifunga jalada.

Nilirudi kwenye benchi nikakaa naye. Alitazama mikono yangu, akaona iko mitupu, akaanza kuvua aproni yake ya kazi, kifungo kimoja kimoja.