Mama Rejesta na Dirisha la Maabara

Hospitali nzima ilimwita Mama Rejesta, hata wazee ambao wangeweza kumzaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye dirisha la maabara akipokea chupa za damu na vikopo vya mkojo, na kila kimoja alikiandika kwenye rejesta kubwa yenye jalada jeusi: jina, wodi, kipimo, saa. Daktari akitaka majibu alipiga simu dirishani, naye alijibu bila hata kufungua ukurasa. Ya kitanda cha saba yako tayari, ya kitanda cha tisa damu imeganda, leteni nyingine. Madaktari wapya walimwogopa kuliko walivyoniogopa mimi, na mimi ndiye mkuu wa maabara.

Mwaka tulioletewa programu ya kompyuta nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tano, kichwa kimejaa maarifa. Kule tulifundishwa kwamba watu ni kama barafu. Ukitaka kuibadilisha umbo huipigi nyundo. Unaiyeyusha kwanza, unaimimina kwenye chombo kingine, kisha unaigandisha upya. Niliandika vizuri sana kwenye daftari langu, nikarudi kazini nikachukua nyundo. Ijumaa nilitoa mafunzo ya saa mbili, Jumatatu tukaanza. Kila sampuli ibandikwe lebo ya mistari na isomwe na mashine inapofika tu, majibu yakikamilika yaonekane kwenye skrini ya wodi papo hapo. Nikadhani nimemaliza kazi.

Wiki ya tatu nilifungua ripoti nikatokwa na jasho. Kwa mujibu wa kompyuta, maabara yetu ilikaa kutwa nzima bila kupokea tone la damu, halafu saa tisa na nusu alasiri ikapokea sampuli mia moja na arobaini ndani ya nusu saa. Dirishani walikuwa wakiandika kwenye rejesta kama kawaida yao, kisha kabla ya kwenda nyumbani wanaijaza kompyuta kwa mkupuo ili mimi niridhike. Wodini hawakuona kitu kwenye skrini, wakaendelea kupiga simu.

Nilimwita Mama Rejesta ofisini nikiwa nimevimba. Nikamwambia kompyuta haiumi, hata watoto wa shule wanaitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu yake mkobani, akanionyesha kikundi cha ukoo wao chenye watu tisini, ambacho mwenyekiti, katibu na hakimu ni yeye.

"Mkuu, kompyuta siiogopi," alisema. "Ninachokiogopa hujaniuliza."

Hapo niliona haya. Nikamwomba akae, nikauliza. Alianza na programu ya zamani, iliyoletwa kabla yangu, ikafa mwezi wa nne na majibu yote tumboni. Rejesta yake ndiyo iliyookoa jahazi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kisha akasema hii mpya inadai namba ya faili kwanza, wakati fomu zinaletwa na jina na wodi tu, kwa hiyo foleni inafika mlangoni. Nani aliwauliza watu wa dirishani kabla ya kuinunua? La mwisho alilisema akitazama ukuta. Kwenye chumba cha chai watu wanasema kazi ya dirishani inafutwa. Na hata isipofutwa, madaktari wakiacha kumpigia simu, yeye pale atakuwa nani?

Lisemwalo lipo. Nilikwenda kwa katibu wa hospitali nikaikuta rasimu ya kufuta nafasi yake iko mezani. Tulibishana asubuhi nzima. Mwishowe katibu aliandika barua: sampuli zikiingizwa kwenye kompyuta saa ileile zinapofika, kwa miezi mitatu mfululizo, dirisha litabaki na Mama Rejesta atakuwa msimamizi wa mapokezi ya sampuli. Zisipoingizwa, nafasi inakufa. Sikumficha, nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mkobani.

Safari hii sikuhubiri. Nilimwomba kitu kimoja: kwa wiki moja ahesabu simu za kuulizia majibu, na afuatilie muda unapotelea wapi. Siku ya tatu alikuja ofisini macho mekundu. Majibu ya mama mmoja mjamzito anayesubiri upasuaji yalikamilika saa tatu asubuhi, lakini wodi iliyapata saa nane mchana, kwa sababu simu ya dirishani haikupatikana. Na aliyekuwa akiongea kwenye simu hiyo muda wote ni yeye, akiwasomea wengine majibu.

"Mtoto wa watu ameshinda na njaa anasubiri kupasuliwa," alisema, "na karatasi yake iko chini ya kiwiko changu."

Tangu siku hiyo sikumsukuma tena. Yeye ndiye aliyetusukuma sisi. Mafundi wa programu waliketi naye dirishani siku mbili, akawafanya wabadili mpangilio wa skrini ili mtu aanze na jina na wodi. Wakamwekea na kitufe cha sampuli iliyokataliwa, wodi ione sababu palepale. Alijifunza kwa wagonjwa wa kubuni, akikosea anacheka, halafu akawa yeye mwalimu wa wodi. Alimkalisha daktari mmoja mwenye maringo mbele ya skrini mpaka akaipatia, akamwambia kidole chake kigumu kama mwiko. Kwa wiki mbili tulitumia rejesta na kompyuta sambamba, tarehe ya mwisho wa rejesta imebandikwa ukutani.

Tarehe ilipofika rejesta ilikwenda stoo. Nilitia saini utaratibu mpya, tukaweka dirishani fomu za dharura zenye namba, za kujaza mtandao ukikatika, na kila Ijumaa tukawa tunaisoma ripoti pamoja. Simu zilishuka kutoka sitini na kitu kwa siku hadi tisa. Ukimya ule ulimuuma mwanzoni. Nilimkuta mara mbili akiinua mkono wa simu kusikiliza kama bado ni nzima.

Wiki ya kumi tangu rejesta iende stoo, mtandao ulikatika saa mbili asubuhi, foleni imejaa. Nani alipagawa? Mimi. Nilikimbilia stoo, nikarudi na rejesta kifuani, nikaitua mbele yake.

"Irudishe," alisema, akiendelea kujaza fomu ya dharura.

Nilimwambia mtandao haupo, barua ya katibu imebakiza wiki chache, tusicheze na kazi yake.

"Ni kazi yangu, ndiyo maana nakwambia irudishe. Fomu hizi zina namba, mtandao ukirudi tunaziingiza na saa zake za kweli. Hiyo ukiiacha hapa leo, kesho itakuwepo, keshokutwa nitaiandika mimi mwenyewe. Najijua, mkuu. Naipenda mno."

Nilirudi stoo na mzigo wangu, wauguzi kwenye foleni wakinitazama. Ajabu ni kwamba nilitaka sana ile rejesta ibaki pale. Mtandao ulirudi saa sita, fomu arobaini na moja zikaingizwa, mmoja akisoma na mwingine akihakiki, na hakuna iliyopotea.

Miezi mitatu ilipotimia katibu alileta barua ya usimamizi mwenyewe. Mama Rejesta aliitia saini akiwa amesimama, akavaa miwani, akauliza kama ni kweli wodi ya upasuaji bado wanaficha daftari lao la kuandikia majibu kwenye droo ya bandeji. Nikamwambia ni kweli, na kwamba kesho nitapanda kwenda kuwanyang'anya.

"Wewe kaa," alisema. "Nitakwenda mimi. Nikawaulize kwanza wanaogopa nini."