Masaa Kumi na Saba ya Kwenda Kilwa

Duka la Hamoud lilikuwa Manzese, hatua chache nyuma ya barabara ya Morogoro, na kwa miaka thelathini na minane halikuwahi kuwa na kikokotoo. Mteja alitaja vitu vyake kwa mfululizo, sukari robo tatu, mafuta nusu, sabuni mche mmoja, viberiti viwili, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi Hamoud alikuwa keshataja jumla. Mkewe, Thuraya, aliolewa naye akiwa msichana wa Tanga asiyejua hata bei ya kitunguu, na alichojifunza upesi nyumbani mwake ni kwamba hesabu ya Hamoud haiulizwi. Akisema nyama inatosha watu tisa, ilitosha watu tisa. Akisema unga utafika Ijumaa, Ijumaa ndipo ulipokwisha.

Kwa hiyo Jumanne ile, simu ilipokuja kutoka Kilwa Masoko, Thuraya hakuwa na wasiwasi wa safari. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya mgonjwa.

Aliyepiga alikuwa Zuena, binti wa Reem. Reem alikuwa dada mkubwa wa Hamoud; ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Mjomba, shikamoo. Mama hali si nzuri. Toka jana hali chakula, anakuulizia wewe tu. Njooni mapema."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie nakuja," Hamoud alisema. Akakata simu, akakaa akiitazama.

Jioni ileile akampigia Jamali, kijana aliyewahi kupanga chumba kwao na sasa anakata tiketi za mabasi ya kusini kule Mbagala. Jamali akataka kumwekea siti mbili za kesho asubuhi, palepale. Hamoud akakataa.

"Nipigie picha ubao wenu wa nauli unitumie. Hesabu nitaifanya mwenyewe."

Picha ikaingia muda si mrefu. Ubao wa bluu, maandishi meupe, vituo vimepangwa kutoka juu kwenda chini, kila kimoja na muda wake na nauli yake. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa imepigwa na mwanga wa taa ikang'aa. Mkuranga, saa 1, 3,000. Kibiti, saa 2½, 8,000. Ikwiriri, saa 3, 9,500. Somanga, saa 4½, 13,500. Nangurukuru, saa 5½, 16,000. Chini yake Lindi na Mtwara, na pembeni kabisa magari madogo: Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, dakika 40, 3,000.

Hamoud aliiweka simu juu ya kaunta, akachana kipande cha boksi la majani ya chai, akaomba kalamu.

Thuraya alimpa kalamu. Alikuwa hajapata kumwona mumewe akiandika hesabu. Aliliona hilo, likampita kama upepo.

Hamoud akaandika, akafuta, akaandika tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Elfu hamsini na tatu kwa kichwa," akasema hatimaye. "Sie wawili, laki moja na elfu sita. Kwenda na kurudi, laki mbili na kumi na mbili. Na mwendo ni masaa kumi na saba na dakika kumi. Basi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, tutaingia Masoko saa tano usiku na ushei."

"Masaa kumi na saba, Baba Muhannad?"

"Ndivyo. Tena usisahau pale Ndundu, tunangoja pantoni kuvuka Rufiji. Siku ukikuta foleni ya malori, unalala hapohapo."

Thuraya alikuwa amesikia, zamani sana, kwamba mto Rufiji una daraja. Mtaa mzima ulilizungumzia lilipofunguliwa, na ilikuwa kabla binti yao Salsabil hajaanza shule. Leo Salsabil ni mama wa watoto wawili. Lakini yeye Kilwa alikwenda mara moja tu, bi harusi, na mwenye Kilwa yake ni Hamoud. Atamwelekezaje mtu njia ya kwao? Akaona labda pantoni bado ipo, labda daraja ni la njia nyingine. Neno lilifika kwenye ulimi, akalimeza.

Hamoud akaamua. Saa nne na nusu usiku hakuna gari dogo la kuwatoa Nangurukuru, na fedha ile yote haiwezi kutoka dukani kwa siku moja. Mtoto wao Muhannad, fundi umeme kule Kinyerezi, alikuwa na mapumziko Jumapili na angeweza kuazima gari. Wangekwenda naye Jumapili. Jumatano akampigia Zuena akamwambia hivyo. Zuena akajibu tu, "Sawa, mjomba."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Zuena akapiga tena. Hakusalimia. Alikuwa analia, na simu ikachukuliwa na mwanamume aliyesema Bi Reem ametangulia mbele ya haki alfajiri, na atazikwa leo baada ya swala ya alasiri.

Hamoud aliketi juu ya gunia la mchele. "Inna lillahi," alisema. Kisha akasema, "Hatuwahi. Masaa kumi na saba. Hata tukiruka."

Hawakutoka. Wakafunga duka, wakatandika majamvi uani, majirani wakaanza kuingia.

Salsabil alifika kutoka Chang'ombe karibu saa sita, macho mekundu. Alimkumbatia mama yake jikoni, na swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini hawajaondoka.

"Njia ni ndefu," Thuraya alisema. "Baba yako kapiga hesabu toka juzi. Masaa kumi na saba."

"Ya kwenda Kilwa? Nani kasema?"

Thuraya akamwonyesha picha kwenye simu na kile kipande cha boksi. Salsabil akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza mpaka juu, pale palipong'aa, akaiinamisha simu. Maneno yakajitokeza: MUDA NA NAULI KUTOKA DAR.

Akatazama boksi. Akatazama simu. Sauti yake ikashuka.

"Mama, baba kajumlisha vituo vyote."

"Si ndiyo njia yenyewe? Unapita kimoja unakwenda kingine."

"Hapana, mama. Sikiliza. Hii elfu nane ya Kibiti inaanzia Dar. Ya Mkuranga imo humohumo. Na elfu kumi na sita ya Nangurukuru inaanzia Dar pia, Kibiti imo, Ikwiriri imo, Somanga imo. Unasoma mstari mmoja tu, wa pale unaposhuka. Elfu kumi na sita, na elfu tatu ya gari dogo. Elfu kumi na tisa kwa mtu. Nyie wawili, thelathini na nane. Kurudi nako thelathini na nane, jumla sabini na sita." Akapitisha kidole kwenye safu ya muda. "Na masaa ni matano na nusu, na hizo dakika arobaini. Masaa sita na dakika kumi, ukiacha kungoja gari kujaa."

Thuraya hakuwa msomi, lakini masaa sita aliyajua. Jumatano asubuhi wangeondoka, Jumatano mchana wangekuwa wamekaa kitandani kwa Reem, akiwa hai, akiongea. Hata leo, simu ilipolia saa mbili, wangekimbilia Mbagala, basi la saa tatu lingewashusha kwenye saa tisa na ushei. Jeneza wangelikuta.

"Usimwambie," alisema.

"Mama, lakini baba hajawahi kukosea. Kuna nini?"

"Nimesema usimwambie."

Lakini mambo ya msiba hayafungwi kwa kufuli. Uani, Hamoud alikuwa akiwaeleza waliokuja kumpa pole kwa nini yuko Manzese na siyo Kilwa. Audax, fundi cherehani wa jirani, mtu mwema asiye na hila, akashangaa kwa sauti.

"Masaa kumi na saba, mzee wangu? Mie nilikwenda Kilwa mwezi wa nne kupima sare za shule. Tuliondoka asubuhi, mchana nikala wali hukohuko Masoko."

Hamoud akaomba simu yake. Thuraya, aliyesimama mlangoni, hakuwa na namna ya kumnyima mbele za watu. Mzee akaishika picha mbali na uso, akaanza kusoma kwa sauti, kama alivyokuwa akiwafanyia wateja. Tatu, na nane, kumi na moja. Na tisa na nusu. Akasimama. Akaanza upya. Tatu, na nane, kumi na tatu. Akasimama tena. Wanaume waliinamisha vichwa, wakawa wanatazama jamvi. Mara ya tatu alifika Kibiti tu, Audax akaichukua simu taratibu na kusema, "Pumzika, mzee. Leo siyo siku ya hesabu."

Wageni walipotawanyika baada ya magharibi, Thuraya alimkuta mumewe chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na kanzu yake.

"Ni muda sasa," Hamoud alisema kabla hajaulizwa. "Toka Ramadhani. Namba zinanikimbia. Mteja ananitajia vitu, nikifika cha nne, cha kwanza sinacho tena. Nawarudishia chenji kwa kukisia. Wengine wanaondoka wanacheka, nadhani nawazidishia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mie Hamoud sijui kujumlisha?" Alifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka picha ile ili nijijaribu. Nilipoipata jumla nikafurahi, Thuraya. Wallahi nilifurahi. Nikasema bado nipo. Na dada yangu ananingoja."

Thuraya akakaa karibu yake. Alifikiria neno alilolimeza Jumanne, neno moja tu, daraja, na jinsi lilivyokuwa jepesi kulitamka.

Ijumaa walipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi alikata Thuraya, fedha alihesabu Thuraya. Ilipogonga saa saba kasoro walikuwa wamesimama mlangoni kwa Reem.

Zuena aliwapokea kwa heshima zote, akawapa maji, akawapeleka makaburini. Mchanga ulikuwa bado mbichi. Hamoud alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Waliporudi, Zuena akakaa mbele yao, mikono magotini.

"Mjomba, Jumatano alinituma kituoni mara mbili nikatazame kama mmeshuka. Nilimwambia mmesema Jumapili, hakunisikia. Mlikwama wapi?"

Hamoud alifungua mdomo. Thuraya akamtangulia.

"Mimi ndiye niliyechelewesha," alisema. "Mjomba wako alitaka kuja siku ileile. Mimi nilimzuia, nikasema tungoje gari la Muhannad, nisihangaike na basi. Nilaumu mie."

Zuena alimtazama kwa muda mrefu, machoni mwake mkapoa kitu ambacho Thuraya alijua hakitapata moto tena.

"Sawa, mkaza mjomba," alisema. Akainuka, akakusanya bilauri, akaingia ndani.

Hamoud aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe, pale juu ya mkeka, na hakuuondoa mpaka walipoitwa kula.