Noti Inayomsubiri Rogelio

Mpiga gitaa wa bendi yetu amechora alama ya chaki kwenye sakafu ya gereji yetu, hapa mtaa wa Mission, San Francisco. Akisimama juu yake na kuikabili spika, mlio wa spika huutikisa upya uzi wa gitaa, na noti moja hudumu bila kupigwa tena. Zamani aliishikilia mpaka mdogo wake, Rogelio, aporomoshe vijiti kwenye ngoma zake za timbale, ndipo sote tulipoingia. Rogelio yuko vitani Vietnam. Leo ngoma za konga zilirudia mdundo uleule tena na tena, noti ikalia, naye kaka mtu akaishikilia. Timbale zimefunikwa blanketi.

"Maliza basi, kaka, viganja vinaniwaka moto," Eligio, mpiga konga wetu, alilalamika.

Mpiga gitaa alijibu bila kufumbua macho:

"Mpe nafasi. Huwa anachelewa."