Kipeperushi cha Mama Pekee

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi pale Sumbawanga, niliandika karatasi moja ambayo nusura imfukuze bibi wa watu nyumbani kwa mwanawe. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa natafuta alama.

Ilikuwa kazi ya somo la elimu ya afya. Mwalimu wetu, mkunga wa siku nyingi aliyevaa sweta juu ya gauni jeupe mwaka mzima, alitugawa wawili wawili akaipa kila jozi mada yake. Sisi tuliangukia kunyonyesha maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya mwanzo. Tulitakiwa tuandae kipeperushi cha ukurasa mmoja, tukakijaribu kwa akina mama kliniki ili tuone kama kinaeleweka, tukirekebishe, kisha tukitumie kufundishia mbele yake naye akae pembeni kutupima.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Mtowisa, kule bondeni, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao. Mimi ni Mfipa wa huku juu, kwetu ni mahindi na ulezi. Yeye alikuwa na mkono wa kuchora na mimi nilijiamini kwa maneno, kwa hiyo hatukubishana juu ya nani afanye nini.

Niliandika kama mtu anayejibu mtihani. Niliweka kingamwili, nikaweka protini, nikaweka mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: UMUHIMU WA MAZIWA YA MAMA PEKEE. Kichwa hicho nilikipenda mpaka nikakizungushia maua. Mwenzangu naye akaleta mchoro wake. Mama alikuwa amekaa vizuri kitandani, mtoto kapakatwa vizuri, ila chuchu ilikuwa ndefu kama kidole. Nikamwambia kwamba huyo ni ng'ombe. Alijibu kwa utulivu kuwa hicho ndicho alichowahi kukiona kwa karibu, na kwamba yeye ni kijana mwenye adabu zake.

Mwalimu alisoma maneno yangu yote, hata ya pembeni.

"Umemwandikia nani?" akaniuliza.

"Akina mama, mwalimu."

"Hapana. Umeniandikia mimi. Na mimi sinyonyeshi."

Kisha akamgeukia mwenzangu. Alimweleza kuwa mtoto wake ananyonya chuchu tu kama mtu anayetafuna muwa, na mama wa namna hiyo atachubuka na maziwa hayatatoka vizuri. Mtoto aachame mdomo, sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni, hasa ya upande wa chini, na kidevu kiguse ziwa. Siku iliyofuata alimchukua hadi wodi ya wazazi, wakamwomba mama mmoja ruhusa, akasimama hapo aone. Alirudi akitazama viatu vyake, lakini tangu hapo mchoro wake haukuwa na kasoro.

Maneno yangu yalipunguzwa mpaka nikasikia uchungu. Kingamwili ziliondoka, mmeng'enyo ukaondoka. Zilibaki sentensi chache: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe, anyonye usiku na mchana kila anapotaka, asipewe maji wala uji. Kichwa nilikitetea kwa nguvu na kikabaki, na maua yake. Chini, mwenzangu alichora kikombe cha maji na bakuli la uji, akavipiga alama ya X.

Tulikwenda kutoa nakala kwenye duka jipya la mjini. Miaka ile maduka yalikuwa yanaota kila kona, na hilo lilikuwa na kila kitu: mashine ya kutolea nakala, redio za betri, sabuni za rangi zote, na makopo ya maziwa ya unga yenye picha ya mtoto mnene mwenye mashavu. Mwenzangu alimtazama yule mtoto wa kopo kwa muda mrefu, kama mtu anayempima mshindani.

Siku ya kliniki upepo ulikuwa ule wa Sumbawanga unaopita katikati ya vifungo. Akina mama walijifunika vitenge juu ya makoti ya mitumba, watoto hawaonekani. Tulifuata maagizo ya mwalimu: usimweleze mtu chochote, mpe karatasi na umuulize anaona nini na inamwambia afanye nini. Mama wa kwanza, jirani wa parokiani kwetu, aliangalia lile bakuli lenye X akatabasamu. Alisema huo ni uji uliobarikiwa, si una msalaba? Aliyekaa jirani yake aliafiki, akaongeza kuwa na maji nayo ni ya baraka. Mwenzangu aliniinamia akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli Ufipa tunawapa watoto wachanga uji wa padri.

Tulikuwa bado tunajizuia kucheka alipokuja yule bibi. Alikuwa Msukuma wa bondeni, amepanda juu kumhudumia mkamwana wake aliyejifungua mtoto wa kwanza, na mtoto alikuwa na miezi miwili hivi. Nilipotaka kumsomea alinikataza. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima na hakupenda kusomewa. Akashika karatasi mbali na macho, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka akafika "ma-ma pe-ke-e." Akautazama mchoro: mama yuko kitandani, nyumba tupu, hakuna mtu mwingine. Akaikunja karatasi mara mbili.

"Kwa hiyo hospitali inasema anyonyeshe akiwa peke yake," alisema. "Sawa. Mimi nitarudi kwangu."

Nilimweleza kwamba pekee ni maziwa, siyo mama. Aliniuliza ni nani aliyeandika. Nikasema ni mimi. Alinitazama toka juu hadi chini, akamwambia mkamwana wake waende mzani usije ukafungwa.

Kesho yake yule mkamwana alitufuata chuoni, mtoto mgongoni, macho yamemvimba. Mama mkwe amefunga mzigo, alisema, na asubuhi inayofuata anapanda lori la Mtowisa. Bibi ndiye aliyekuwa anapika, anachota maji na kumwogesha mtoto. Mume alikuwa safarini na mizigo ya watu. Akatuuliza kama tungeweza kuja kumwambia kwamba karatasi imekosea.

Tulikwenda jioni ile ile. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, furushi pembeni, sura ya mtu aliyekwisha kuaga. Mwenzangu alichuchumaa, akamwamkia shikamoo, kisha wakaingia kwenye Kisukuma na salamu zikaenda mbali: ukoo, mvua, malisho, ng'ombe mmoja mmoja. Mimi na mkamwana tulikaa tunasikiliza tusichokielewa. Waliporudi kwenye Kiswahili, bibi alikuwa amelegea kidogo. Alituambia kwamba kuhusu maji hatuwezi kumdanganya, kwa sababu amelea watoto bondeni kwenye joto na anajua mtoto anasikia kiu.

"Mama, ndama akizaliwa," mwenzangu alimuuliza, "siku hiyo unampeleka kisimani?"

"Ya nini? Si ana mama yake."

"Na yale maziwa ya kwanza, ya manjano, ndama akiyakosa?"

"Anadhoofika. Anaweza kufa."

Kuku alipita katikati yetu. Nilidhani tumeshinda, nikaanza kutafuta neno zuri la kufungia.

"Lakini ndama hana bibi," bibi akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Suala la maji lilikuwepo, ndiyo, lakini lililomuuma ni ile nyumba tupu kwenye mchoro. Alikuwa amepanda milima ile yote kwenye lori, juu ya magunia ya mpunga, na hospitali ilikuwa imechora nyumba ambayo yeye hayumo. Mwenzangu alitoa penseli, akamwomba akae sawasawa, akaanza kumchora papo hapo nyuma ya kipeperushi. Bibi alitaka hereni zionekane. Alitaka kilemba kifungwe alivyokifunga yeye, na mkononi awe na sahani ya ugali na kikombe cha kumpa mama wa mtoto, kwa sababu anayenyonyesha lazima ale na anywe. Mwisho akamtazama mtoto wa mchoro, akasema amekonda.

"Wa kwenye kopo la maziwa ana mashavu. Huyu wenu anaonekana ana njaa. Nani atawaamini?"

Mwenzangu akamnenepesha mtoto. Lori la Mtowisa liliondoka bila bibi.

Kipeperushi cha pili hakikuwa na maua. Juu niliandika: Mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Chini yake: hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. X zote tuliziondoa. Bakuli la uji tulilihamisha upande wa pili wa karatasi, mbele ya mtoto mkubwa anayeweza kukaa. Na katikati, akiwa mkubwa kuliko wote, alisimama bibi na hereni zake.

Siku ya sisi kupimwa na mwalimu alikuja, akakaa benchi la mbele. Mwenzangu alishika mchoro, mimi nikaeleza, na mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipouliza kama kuna mwenye swali. Bibi akasimama. Alisema hana swali, ila anataka watu wajue kwamba yeye alikuwa anampa mjukuu maji kwa kijiko, kwa siri, na ameacha baada ya kuchorwa. Mkamwana wake aligeuka kumtazama. Benchi zima likageuka kunitazama mimi, na mwalimu akashika kalamu.

Nilikumbuka tulichofundishwa: usimkaripie mtu. Nilimshukuru kwa kusema. Nikaeleza kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha, na kwenye joto mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maji yanamjaza tumbo, ananyonya kidogo, na asiponyonya maziwa nayo yanapungua. Tena yanaweza kumletea kuharisha. Aliyeanza kupewa anaweza kuachishwa leo leo. Mtoto akikojoa mara nyingi, mkojo mweupe, na uzito ukipanda kwenye kadi, basi anashiba. Tukaomba kadi ya mjukuu, tukaionyesha. Mstari ulikuwa unapanda. Bibi aliitazama kadi ile kana kwamba ni yeye aliyepimwa.

Mwalimu alitupa alama nzuri. Pembeni aliandika kwamba bibi ni mkubwa kupita kiasi kwenye mchoro. Hatukumpunguza.

Mtoto alipotimiza miezi sita, bibi hakusubiri siku ipite. Asubuhi alikuwa amefika kliniki na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, mzito kama tulivyomwelekeza, umetiwa maziwa na karanga zilizosagwa. Akaniita nishuhudie. Nikawakumbusha kwamba kunyonya kunaendelea, hadi mtoto afike miaka miwili au zaidi. Akachota kijiko cha kwanza, akakipuliza, akamlisha mjukuu wake huku benchi zima likimtazama. Mtoto aliuzungusha uji mdomoni akiwa amekunja uso, akautema wote kwenye kitenge cha bibi, kisha akageuka kumtafuta mama yake.

"Amezoea ziwa," bibi alisema, akijipangusa. "Tutajaribu tena mchana."

Uji uliobaki alinimiminia mimi.