Siku ya Tisini na Moja

Katikati ya miaka ya themanini niliajiriwa karani katika kampuni ya kuuza maji pale Kilifi. Kampuni ilikuwa na malori matatu yenye matangi, na yalipeleka maji kwenye mahoteli ya pwani na bara kwenye ukame, hata Ganze. Nilikuwa nimetoka tu kusomea uwekaji hesabu, na leja ya kampuni ya kweli nilikuwa sijaishika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mhasibu wetu, mzee wa Mambrui, mpole, ambaye hakupandisha sauti hata siku moja. Mwisho wa Juni aliniwekea mbele karatasi pana yenye safu nne. Ya kwanza ilikuwa ya ankara zilizochelewa siku moja hadi thelathini, ya pili thelathini na moja hadi sitini, ya tatu sitini na moja hadi tisini, na ya nne ya zilizopita tisini. Akachukua ankara ya zahanati moja ndogo ya kanisa huko Ganze.

"Hii imeandikwa tarehe mbili Mei," akasema. "Leo ni tarehe thelathini Juni. Imechelewa siku ngapi?"

Nikahesabu tangu tarehe mbili Mei. Nikamwambia hamsini na tisa.

"La, mwanangu. Mteja tumempa siku thelathini za kulipa. Hizo ni haki yake. Siku yake ya mwisho ni tarehe mosi Juni, na kabla ya hapo hajachelewa. Anzia hapo, uje mpaka leo."

Zikawa ishirini na tisa. Nikaiandika safu ya kwanza, nikafurahi, kwa sababu niliona hesabu ile ina huruma ndani yake.

Safu zile zilikuwa na amri zake. Waliokuwa safu ya tatu waliandikiwa barua ya kuonywa. Waliofika ya nne, gari la maji halikuwaendea tena mpaka walipe. Mwenye kampuni alikaa Mombasa, na kila mwezi alipigiwa simu akasomewa majina ya safu ya nne tu. Orodha ilifungwa siku ya mwisho ya mwezi, wala si siku nyingine.

Mwisho wa Julai ankara ile ya zahanati ilikuwa imechelewa siku sitini kamili. Safu ya pili. Katikati ya Agosti ikaja hundi kutoka ofisi kuu ya kanisa, Mombasa, na kikaratasi kimeandikwa namba za ankara zinazolipwa. Zilikuwa za Juni na za Julai. Ya Mei haikutajwa. Nilimwuliza mzee kama tunaweza kuanza na ile kongwe.

"Mwenye fedha ameshasema ni za ankara zipi," akanijibu. "Hatuwezi kumpangia."

Tarehe thelathini na moja Agosti nikakaa tena na karatasi yangu. Kutoka tarehe mosi Juni hadi mwisho wa Juni, ishirini na tisa. Julai, thelathini na moja. Agosti, thelathini na moja. Tisini na moja. Nikarudia kwa kalenda ya ukutani, nikigusa kila siku kwa kalamu. Tisini na moja. Ankara ilikuwa imeruka kutoka safu ya pili hadi ya nne. Ya tatu haikuikanyaga, na kwa hivyo barua ya kuonywa haikuandikwa. Laiti orodha ingefungwa jana yake, ingekuwa siku tisini, na zahanati ingepata barua na mwezi mzima wa kujitetea.

Nilimwonyesha mzee. Alivua miwani, akahesabu mwenyewe kwa vidole, taratibu.

"Umehesabu sawasawa," akasema.

"Lakini hawakuonywa, mzee."

"Naona." Kisha akaenda kwenye simu. Nilimsikia akimweleza mwenye kampuni mambo ya barua na ya hundi, kwa adabu, mara mbili. Alipoiweka simu hakuniangalia. "Amesema orodha ni orodha."

Siku ya tano baada ya orodha kufungwa, nesi wa zahanati akafika. Alikuwa mama wa makamo, amepanda lori la makaa, na vumbi lilikuwa limemkaa hata kwenye nyusi. Alidhani gari limeharibika.

"Tangi limekauka juzi," akasema. "Nina wazazi watatu wodini. Naosha vyombo kwa maji ya lambo, nayachemsha mpaka kuni zinaniishia."

Nikamweleza. Nilimfungulia leja, nikamwonyesha ankara ya Mei peke yake, na ile tisini na moja kwa mwandiko wangu. Alisoma polepole.

"Mbona hamkutuandikia?"

Nikajaribu kumweleza habari ya siku sitini na siku tisini na moja, na miezi miwili mfululizo yenye siku thelathini na moja. Nilipokuwa nasema nilijisikia kama nasema uongo, na yote yalikuwa kweli. Mzee alimpa simu apige ofisi kuu ya kanisa, Mombasa. Wakamwambia ankara ya Mei hawajaiona, tuwapelekee nakala, italipwa ikipita kwenye kikao. Nakala niliipeleka posta siku hiyo hiyo.

Hakungoja kikao. Baada ya siku mbili akarudi na fedha mkononi, noti zimekunjwa ndani ya leso. Alikuwa ameuza cherehani chake. Alilipa ankara nzima, na mimi nikamwandikia risiti kwa jina la zahanati, kama tulivyoandika risiti zote. Yeye mwenyewe aliiona, akaikunja. Hakuna aliyefikiri jambo lolote. Mchana gari likaondoka kwenda Ganze.

Mwisho wa Septemba hundi ya kanisa ikaja, na safari hii kikaratasi kilitaja ankara ya Mei. Ilikuwa imelipwa mara mbili. Nikamkimbilia mzee nikiwa na furaha, nikamwambia sasa tunaweza kumrudishia mama wa watu fedha zake.

Akaitisha kitabu cha risiti, akaitazama nakala. "Risiti ina jina la nani?"

"La zahanati," nikajibu.

"Katika vitabu, aliyelipa ni zahanati, mara zote mbili. Nikitoa fedha hizi lazima nizirudishe kwa zahanati, na fedha za zahanati zinakaa Mombasa, ofisi kuu ya kanisa. Waandikie waturuhusu tumpe."

Niliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba tuziache fedha hizo zipunguze bili ya maji inayofuata, ndivyo tulivyofanya. Katika ya tatu nilieleza habari za cherehani, nikaandika kwa unyenyekevu mkubwa kuliko nilivyowahi kumwandikia mtu. Wakamshukuru nesi kwa mchango wake.

Alipokuja mjini kuchukua dawa, mwezi wa kwanza na wa pili baada ya hapo, alipita ofisini. Hakudai. Aliuliza tu, "Wamesema nini, mdogo wangu?" nami nikamwambia bado. Nilifikiri kumpa kidogo kidogo kutoka mshahara wangu, nikampa mara moja, na mara ya pili akakataa kupokea, akasema nami nina nyumbani kwetu. Mwezi wa tatu hakuingia. Nilimwona ng'ambo ya barabara, sanduku la dawa kichwani. Akanipungia mkono, akaniuliza kwa sauti hali ya mama yangu. Nikamjibu hajambo, naye akaendelea na safari yake.